Hoteli ya Dubai imenikata mara mbili, benki wanasema "hujakatwa, imeshikiliwa tu". Tofauti ni ipi?

Mzee wa Gerezani #1
Wakuu, salaam. Nilikwenda Dubai kufuata mzigo, nikalala usiku 4, kuingia tarehe 3, kutoka tarehe 7. Chumba dirhamu 350 kwa usiku. Nilipofika mapokezi wakachukua kadi yangu ya debiti, wakaniambia wanaweka dirhamu 2,200: chumba 1,400 na 800 ya dhamana, 200 kwa kila usiku. Papo hapo meseji ya benki ikaingia, shilingi 1,540,000 imeondoka.

Siku ya kutoka wakapitisha kadi tena, dirhamu 1,460. Hizo 60 ni kodi ya utalii, 15 kwa usiku, hilo sina ugomvi nalo. Meseji nyingine: 1,022,000.

Leo tarehe 15. Ile 1,540,000 haijarudi. Hoteli nimewapigia, wanasema "tumeshaachia, uliza benki yako". Benki nimekwenda, dada wa kaunta ananiambia "baba, hela yako hujakatwa, imeshikiliwa". Nikamwambia kama haijakatwa nipe basi nikanunue mchele. Akacheka.

Sasa mwenye elimu anieleze: hela ipo kwa nani?

Kobe Mwendo #2
Nimeweka kigoda. Hili limenikuta pia.

Nyota ya Kigamboni #3
Mkuu pole. Ipo hivi: ukitumia kadi ya debiti hela inatoka moja kwa moja, ukitumia ya krediti ndiyo inashikiliwa. Wewe umetumia debiti, kwa hiyo umekatwa kweli. Subiri siku 7 za kazi itarudi. Benki zote ni siku 7.

Kaunta Namba 3 #4
Nyota, hapo umepatia nusu. Nimefanya kazi idara ya kadi miaka kadhaa, ngoja nieleze taratibu.

Kadi ya debiti nayo inashikiliwa vilevile. Mashine ya hoteli inauliza benki: huyu ana dirhamu 2,200? Benki inajibu ndiyo, inatoa namba ya idhini, kisha inaiwekea ile hela alama ndani ya akaunti yako ili usiitumie. Hakuna senti iliyokwenda Dubai. Tofauti ya debiti ni kwamba alama inawekwa kwenye hela yako mwenyewe ya mchele, wakati kwenye krediti inakula kiwango ulichoruhusiwa kukopa. Ndiyo maana wa debiti anaumia zaidi, lakini kitendo ni kilekile.

Makato ya kweli yanakuja baadaye, hoteli inapofunga hesabu za siku na kutuma madai kupitia benki yake. Yanachukua siku moja hadi tatu kufika kwetu. Hapo ndipo hela inahama.

Mzee, fungua aplikesheni ya benki uangalie salio mbili. Ipo Available Balance, yaani hela unayoweza kutumia sasa, na ipo Ledger Balance, yaani hela yote iliyomo pamoja na iliyoshikiliwa, ambayo benki nyingine wanaiita Current Balance. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata nini?

Mzee wa Gerezani #5
Tofauti ni 1,540,000 kamili. Duh. Nilidhani ile salio kubwa ni makosa ya mtandao.

Kaunta Namba 3 #6
Basi hela yako ipo kwetu (sisemi benki gani, usinitafute). Na ukichapisha taarifa ya akaunti ya mwezi, ile 1,540,000 hutaiona kabisa. Utaiona hii ya pili peke yake. Angalia pia kama hii ya pili imebaki 1,022,000 au imebadilika kidogo.

Mzee wa Gerezani #7
Imebadilika! Meseji ilisema 1,022,000 lakini kwenye taarifa ni 1,029,300. Nani kala 7,300?

Kaunta Namba 3 #8
Hajala mtu. Ulipopitisha kadi dirhamu ilikuwa sh 700. Madai yalipofika baada ya siku mbili, bei ilikuwa 705. Zidisha 1,460 kwa 705 uone. Meseji ni makadirio ya siku ile, hesabu ya kweli inafanyika siku madai yanapoingia.

Wa Thika Road #9
Kwani nyinyi mnatumiwa meseji ya kila kitu? Huku kwetu Nairobi mimi niliona tu salio limepungua. Lakini niulize: juzi nilituma pesa kwa namba isiyo sahihi, nikaomba irudishwe, wakaniambia imezuiwa hadi mwenyewe akubali. Hiyo pia ni haya mambo ya hoteli?

Kobe Mwendo #10
Wa Thika, uzi huu ni wa hoteli bwana. Hiyo ni hela imeshafika kwa mtu mwingine kabisa, muombe Mungu awe muungwana.

Wa Thika Road #11
Haya, nimeketi. Endeleeni.

Mpokezi wa Usiku #12
Mimi nimekaa mapokezi hoteli mbili, moja Zanzibar moja Doha. Kaunta Namba 3 ameeleza upande wa benki vizuri, ila kosa lilitokea kwetu, na nadhani nalijua.

Mzee, unazo zile karatasi za mashine? Angalia ya kwanza imeandikwa nini juu, na ya pili imeandikwa nini.

Mzee wa Gerezani #13
Ninazo, mimi mtu wa biashara situpi karatasi. Ya kwanza: PRE-AUTH, 2,200. Ya pili: SALE, 1,460. Kila moja ina AUTH CODE ya tarakimu sita, tofauti. Nimeweka picha hapa chini.

Binti Pangani #14
Mzee toa hiyo picha haraka! Karatasi moja inaonyesha namba nyingi za kadi kuliko inavyotakiwa. Hapa wamejaa wasiolala.

Mzee wa Gerezani #15
Nimetoa. Asante mwanangu.

Mpokezi wa Usiku #16
Hilo ndilo nililotaka kuliona. PRE-AUTH ni kushikilia, SALE ni kutoza. Mgeni akitoka, mpokezi hatakiwi kubonyeza SALE. Anatakiwa achague COMPLETION, aingize ile namba ya idhini ya siku ya kuingia, kisha aandike kiasi cha mwisho, 1,460. Hapo benki inaelewa kwamba haya ni madai ya ile 2,200, inachukua 1,460 na inaachia 740 inayobaki. Hadithi inakwisha.

Yeye kabonyeza SALE. Kwa benki yako hayo ni manunuzi mapya ya mtu mgeni, yana namba yake mpya. Ile ya kwanza inabaki inasubiri mwenzake ambaye hatakuja. Kwa hiyo kwa siku kadhaa umekuwa na 1,540,000 iliyoshikiliwa pamoja na milioni moja na kidogo iliyokatwa, zaidi ya milioni mbili na nusu kwa chumba cha milioni moja.

Kwa nini wanafanya hivyo? Asubuhi foleni imefika mlangoni, watu wana ndege, ile karatasi ya siku ya kuingia haionekani, na SALE ni kitufe kimoja. Nimefanya mwenyewe, sitaki kujifanya malaika.

Nyota ya Kigamboni #17
Lakini wao wanasema wameachia. Wanadanganya?

Mpokezi wa Usiku #18
Si lazima. Hoteli nyingi mashine ya kadi haijaunganishwa na kompyuta ya vyumba. Ukimtoa mgeni kwenye kompyuta, deni linasoma sifuri, wewe unaona umemaliza. Kumbe mashine ya kadi pale mezani haijaambiwa kitu. Ili kuachia ni lazima uende kwenye mashine yenyewe, uchague kufuta PRE-AUTH, uingize namba ya idhini na kiasi, na itoe karatasi. Kwa hiyo Mzee, ukiwapigia usiulize "mmeachia?" Waambie wakutumie picha ya karatasi ya kufuta. Kama hawana, hawajafuta.

Msafiri wa Maskati #19
Assalaam alaykum. Mimi naona mnawasingizia hoteli. Huku Oman nimeshikiliwa hela na hoteli ileile mara mbili kwa kadi mbili. Kadi ya benki moja ilifunguliwa usiku uleule niliotoka, ya benki nyingine siku 19. Hoteli moja, mpokezi mmoja. Sasa kosa la nani?

Kaunta Namba 3 #20
Msafiri, huo ni ushahidi mzuri, lakini hautuambii kama mpokezi alibonyeza kitufe kilekile mara zote mbili.

Hata hivyo kuna ukweli. Benki zinatofautiana. Taarifa ya kufuta ikija, benki nyingine mashine inafungua yenyewe. Nyingine, taarifa ikiwa na kasoro ndogo, kiasi hakilingani au namba haipo, mashine haitambui inahusu zuio gani, inaiacha. Na isipokuja taarifa yoyote, zuio linakufa lenyewe kwa umri. Hapo ndipo ile "siku 7" ya Nyota inapotoka. Manunuzi ya kawaida ya dukani benki nyingi zinaachia ndani ya wiki hivi. Lakini hoteli na magari ya kukodi yana kundi lao, mitandao ya kadi inawaruhusu idhini idumu mpaka siku 30 kwa sababu mgeni anaweza kukaa mwezi. Benki ikifuata umri huo, utasubiri mwezi.

Nyota ya Kigamboni #21
Sawa nimekubali, lakini yangu ilirudi siku ya 7 na ilikuwa hoteli.

Kaunta Namba 3 #22
Basi benki yako imeweka 7. Au hoteli ilifuta siku ya 6. Hatutajua.

Kobe Mwendo #23
Hizo siku zinahesabiwa toka kuingia au toka kutoka? Maana mimi nilikaa hotelini wiki mbili.

Kaunta Namba 3 #24
Toka siku idhini ilipotolewa. Lakini ukiongeza siku na hoteli ikaongeza kiasi, nyongeza ina tarehe yake. Ndiyo maana wengine wanaona hela inafunguka vipandevipande.

Mama Duka la Vitambaa #25
Mimi nasema benki zinafanya makusudi. Milioni yangu, milioni yako, za watu elfu moja, zikikaa siku 30 wao wanazungusha. Nani ana haraka ya kuachia?

Kaunta Namba 3 #26
Mama, hela ikiwa kwenye akaunti yako bila zuio, benki inaizungusha vilevile. Zuio haliwaongezei kitu. Hofu yao ni nyingine: wakiachia mapema kisha madai yakaja, na wewe umeshatumia, akaunti inaingia hasi na wao ndio wanalipa hoteli kwanza.

Mama Duka la Vitambaa #27
Unawatetea kwa sababu walikulipa mshahara. Sijashawishika.

Dereva wa Mombasa Road #28
Ya hoteli ni ndogo. Njooni kwenye gari. Nilikodi Dubai siku 5, kampuni ndogo tu ya mtaani, dhamana dirhamu 1,500. Wakasema itarudi baada ya siku 21 kwa sababu faini za barabarani na mageti ya Salik, yale ya kulipia barabara, huwa yanachelewa kusoma. Kweli ikarudi, lakini pungufu. Niliondolewa shilingi 1,053,000, ikarudi 1,026,000. Nikaandika barua pepe, wakajibu "tumerudisha 1,500 kamili". Mimi naona wizi wa 27,000.

Binti Pangani #29
Kaka, hiyo yako haikuwa zuio. Ulikatwa kweli kisha ukarudishiwa. Mimi nakata tiketi na kupanga safari za watu, hili naliona kila mwezi. Zuio likifunguliwa linarudi shilingi ileile mpaka ya mwisho, kwa sababu hakuna kilichobadilishwa fedha. Marejesho yanapita sokoni mara mbili: siku ya kukatwa benki imekuuzia dirhamu kwa 702, siku ya kurudi imeinunua kwa 684. Zidisha 1,500 kwa kila moja uone kama hupati namba zako.

Dereva wa Mombasa Road #30
702 mara 1,500... 1,053,000. 684... 1,026,000. Astaghafiru. Kwa hiyo kampuni hawakuiba?

Binti Pangani #31
Hawakuiba, ila walikutoza SALE wakaiita dhamana. Wengine wanapenda hivyo kwa sababu hela wanayo mkononi, hawategemei umri wa idhini. Ungeuliza kabla hujatia sahihi: mnashikilia au mnatoza? Na ukaangalia karatasi imeandika nini. Kama ni SALE, tafuta kaunta nyingine kama muda unakuruhusu. Lakini uwanja wa ndege saa nane usiku na watoto wamelala kwenye mabegi, nani ana muda.

Wa Thika Road #32
Na mimi ndiyo nilikuwa nakuja na kadi ya M-Pesa ya Visa, ile ya kwenye simu, nikakodi gari. Kumbe?

Binti Pangani #33
Kwa gari wengi watakukatalia. Wanataka kadi ya kushikika, yenye jina la dereva, na mara nyingi iwe krediti. Usishangae ukisimama pale na hela unayo lakini gari hupewi. Nina mteja alilipia gari lote mtandaoni kwa kadi ya simu, kufika kaunta hana kadi ya dhamana, akapanda teksi siku zote tano.

Dereva wa Mombasa Road #34
Mimi walinipa kwa debiti.

Binti Pangani #35
Ndiyo, na ndiyo maana walikutoza badala ya kushikilia, nahisi.

Mpokezi wa Usiku #36
Sina hakika na hilo la "ndiyo maana". Debiti ya kawaida inakubali PRE-AUTH bila shida. Huenda mashine yao haikuwashwa hiyo huduma kabisa, lazima mfanyabiashara aiombe kwa benki yake. Duka dogo la magari linapewa mashine ya SALE tu.

Shemeji wa Tanga #37
Swali la mjinga: zuio likishafunguka, kampuni ya gari haiwezi kunigusa tena, au siyo? Kwa hiyo nikipigwa picha na kamera za barabarani wakichelewa nimepona?

Dereva wa Mombasa Road #38
Hujapona shemeji. Kwangu yalikuja madogo ya Salik baada ya dhamana kurudi, mageti sita, mengine dirhamu 4, mengine dirhamu 6 kwa yale ya saa za foleni, na ada yao juu. Mkataba nilisaini kwamba wanaweza kutoza kadi baadaye kwa faini na mageti.

Shemeji wa Tanga #39
Nilijua tu kuna mtego.

Mtoto wa Hamburg #40
Niko Ujerumani. Sheria ya Ulaya ya malipo inasema benki izuie kiasi ambacho mteja mwenyewe amekubali, na iachie bila kuchelewa ikishajua kiasi halisi. Hapa nimezoea kuona limefunguka siku hiyohiyo. Nikienda likizo nyumbani na kadi ya huku bado inachelewa wakati mwingine, nadhani taarifa za hoteli za huko hazifiki vizuri.

Msafiri wa Maskati #41
Unaona? Benki ikitakiwa kufungua inafungua. Narudi palepale.

Mpokezi wa Usiku #42
"Ikishajua kiasi halisi", Msafiri. Nani anamwambia? Mpokezi.

Mzee wa Gerezani #43
Wazee mnapigana, mimi sina mchele. Nifanye nini wiki hii? Dada wa kaunta aliniambia nijaze fomu ya malalamiko ya kadi.

Kaunta Namba 3 #44
Fomu ya malalamiko itakaa bure. Ile ni ya kupinga makato yaliyokwisha kuingia, na yako bado hayajaingia popote. Watakujibu baada ya wiki kwamba hakuna muamala wa kupinga.

Unachohitaji ni barua ya hoteli kwa benki yako, iwe na nembo yao. Iseme: idhini ya tarehe 3, namba ya idhini fulani, kiasi dirhamu 2,200, tarakimu nne za mwisho za kadi, hatutaidai, iachieni. Itoke kwenye barua pepe ya hoteli, siyo ya kwako, maana tumeona nyingi za kughushi. Ipeleke idara ya kadi makao makuu, tawini mara nyingi hawana kitufe cha kufungua.

Mama Duka la Vitambaa #45
Na siku nyingine lipa taslimu.

Mpokezi wa Usiku #46
Mama, ukiweka kadi siku ya kuingia halafu ukalipa taslimu siku ya kutoka, ndiyo umejitega kabisa. Zuio linabaki halina wa kulifunga. Kama umeanza na kadi, maliza na kadi ileile, na ukisimama mbele ya mpokezi mtajie: "funga kwa ile idhini ya kwanza". Au weka dhamana yote taslimu tangu mwanzo, ukubali kuhesabu noti.

Mzee wa Gerezani #47
Mrejesho. Niliwapigia, nikadai karatasi ya kufuta. Kimya siku tatu. Nikampata meneja wa zamu ya usiku, Mkenya mmoja mungwana sana, akakiri hawakufuta. Akasema idhini ya zamani hivyo mashine yao inaikataa, akaandika barua. Benki wameipokea tarehe 1, wakasema siku mbili za kazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3, saa sita na dakika chache, hela imefunguka. 1,540,000 ileile, senti kwa senti kama alivyosema Binti Pangani.

Nyota ya Kigamboni #48
Hongera mkuu! Barua imefanya kazi.

Kobe Mwendo #49
Subiri. Tarehe 3 hadi tarehe 3, mwezi wa siku 30. Hiyo si ndiyo siku 30 kamili? Na saa sita usiku nani yuko ofisini anasoma barua?

Kaunta Namba 3 #50
Kobe mwendo wako wa polepole lakini umefika. Inawezekana ni umri tu. Ila idara nyingine zinaweka maombi ya kufungua mchana, mfumo unayatekeleza usiku pamoja na mengine. Siwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo.

Msafiri wa Maskati #51
Benki.

Mpokezi wa Usiku #52
Meneja amekiri mwenyewe lakini Msafiri bado anasema benki.

Mzee wa Gerezani #53
Mimi mchele nimenunua. Mwezi ujao narudi Dubai, kuna mwenye kujua nyumba ya wageni Deira wasiotaka kadi kabisa?

Wa Thika Road #54
Ipo, lakini wanachukua pasipoti ishinde kwao. Sijui kipi bora.